Kuhusu dawa ya kumlaza baba

Shikamoo mama, na nyie wengine habari za usiku. Nimeona mlivyotoka mmenyamaza baada ya daktari kuongea, nikaona niwaeleze taratibu. Hii dawa sio ya kummaliza baba jamani. Jana mlimwona wenyewe anavyovuta shuka, anahangaika, pumzi inambana, na mofini tumeshapandisha na bado, sasa tunachofanya ni kumpa hii dawa ya usingizi, midazolamu, kwa kipampu kidogo chini ya ngozi, tunaanza na dozi ndogo tunaongeza kidogo kidogo mpaka atulie, tukiona uso umekunjuka hatuongezi tena. Kinachomwondoa ni ugonjwa, sio usingizi. Mofini ya maumivu inaendelea vilevile.

Akishalala huenda asiwajibu tena, kwa hiyo yule mdogo wenu aliye njiani apigiwe simu sasa hivi, aongee nae kabla hatujaanza. Baadae mnaweza kusikia koo linakoroma, inatisha lakini mara nyingi mwenyewe hasumbuki. Endeleeni kumwongelesha maana huenda anasikia, na midomo mlowanishe kwa pamba, mama nitakuonyesha. Nipo zamu mpaka asubuhi, niiteni tu.