Maswali kuhusu ankara namba 0417: kontena la vyerehani, Mombasa hadi Kampala

Kisenyi, Kampala
9 Aprili 2025

Kwa Meneja wa Uwakala wa Forodha,

Ndugu Meneja,

Salaam nyingi. Nimepokea ankara yenu namba 0417 ya tarehe 2 Aprili 2025 inayohusu kontena langu moja la futi 40, lililobeba vyerehani na vipuri, ambalo mlilitoa bandarini Mombasa na kulifikisha ghalani kwangu tarehe 27 Machi. Mzigo ulifika salama, na kwa hilo nawashukuru. Lakini ankara inadai dola 3,911.70, ilhali bei mliyoniandikia kwa barua pepe tarehe 4 Februari, nikaikubali siku iliyofuata, ilikuwa dola 2,610. Chini ya bei ile mliandika wenyewe kwamba inajumuisha "kila kitu hadi ghala la mteja, isipokuwa kodi za URA na hifadhi ya bandari baada ya siku tisa za bure". Kwa maneno hayo nilipanga bei za kuwauzia mafundi wangu, ambao wengine walikwisha kulipa nusu kabla meli haijafika, na sasa siwezi kuwarudia niwaambie waongeze. Ndiyo maana naomba tuipitie ankara hii mstari kwa mstari.

Mstari wa kwanza, ada ya uwakala ya dola 250, na wa nne, usafiri wa dola 2,100, ni sawa na tulivyokubaliana. Sina neno.

Mstari wa pili ni delivari oda ya kampuni ya meli. Mlinikadiria dola 110, mmenidai 145. Fedha hizi si zenu, mnazilipa kwa niaba yangu, kwa hiyo risiti ya kampuni ya meli ndiyo itakayosema ni kiasi gani hasa. Kabla sijaiona, nakubali 110.

Mstari wa tatu ni dhamana ya forodha ya dola 150. Hii ilikuwamo katika makadirio na nakiri kwamba sikuiuliza wakati ule. Hata hivyo, mzigo huu ulitangazwa chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, na kodi zote nililipa URA tarehe 15 Machi, wiki nzima kabla kontena halijatoka Mombasa. Haukuwa mzigo wa kwenda kwenye ghala la forodha kusubiri kodi. Naomba mnieleze dhamana hiyo ilikuwa inalinda kodi ipi, na mniletee nambari yake pamoja na hati inayoonyesha kwamba ilifunguliwa kwa ajili ya kontena langu.

Sasa nafika kwenye mistari minne iliyonisumbua zaidi, yote ya bandari.

Wa tano, "ushughulikiaji bandarini", dola 165, haukutajwa popote katika makadirio. Bandari inatoza kushusha na kupakia kontena kila siku ya Mungu, na wakala anayefanya kazi Mombasa anaijua gharama hiyo kabla ya kumwandikia mteja bei. Si jambo lililozuka njiani. Kama lilisahaulika, lilisahaulika upande wenu, na maneno "kila kitu hadi ghala la mteja" yanalibeba.

Wa sita ni hifadhi ya siku sita kwa dola 40 kila siku, jumla 240. Hapa naomba tuhesabu pamoja. Kontena liliteremshwa melini tarehe 10 Machi. Siku tisa za bure zilianza tarehe 11 zikaisha tarehe 19. Hati ya kutokea getini, ambayo dereva aliniachia nakala yake, inaonyesha kontena lilitoka tarehe 22 Machi saa 4:40 usiku. Zinazobaki ni tarehe 20, 21 na 22, yaani siku tatu. Siku sita zinapatikana tu mkianza kuhesabu tangu meli ilipotia nanga tarehe 7, wakati kontena lilikuwa bado ndani ya meli. Na hata hizo siku tatu nazipinga, kwa sababu kodi zililipwa tarehe 15, ruhusa ya forodha ikatoka tarehe 17, na tarehe 18 nilipopiga simu ofisi yenu ya Mombasa niliambiwa kwamba lori lililopangiwa mzigo wangu lilikuwa bado Malaba, likirudi. Lori lilikuwa lenu, chini ya bei yenu ya usafiri. Mimi sikuchelewesha chochote.

Wa saba unasema "ukaguzi, kufungua kontena na vibarua", dola 90. Nilisimama mwenyewe mlangoni mwa kontena asubuhi lilipofika, na kabla ya mkasi kukata lakiri nililinganisha nambari yake na ile iliyoandikwa kwenye bili ya shehena, tarakimu kwa tarakimu, mbele ya dereva wenu na mlinzi wangu. Ilikuwa ile ile iliyofungwa China, na nimeipiga picha. Kontena lililofunguliwa kwa ukaguzi hufungwa tena kwa lakiri nyingine. Kama lilifunguliwa, nionyesheni ripoti ya afisa wa forodha na nambari ya lakiri mpya. Kama halikufunguliwa, mstari huu ufutwe.

Wa nane, "gharama nyinginezo za bandari", dola 175, sijui hata niulize nini, kwa kuwa hautaji huduma, siku wala risiti. Siwezi kulipa kitu kisicho na jina.

Mstari wa tisa ni VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote ya dola 3,315, yaani dola 596.70. Mmetoza kodi juu ya fedha mlizolipa kwa niaba yangu, na pia juu ya usafiri kutoka Mombasa hadi Kampala, ambao ni usafiri wa kimataifa na kwa sheria ya Uganda VAT yake ni asilimia sifuri. Ninachokubali ni VAT ya ada yenu ya uwakala, dola 45, kwa sharti kwamba mnipe ankara ya EFRIS, kwa sababu karatasi mliyonitumia haina nambari yake na bila hiyo siwezi kudai kodi hiyo kwenye hesabu zangu za mwezi.

Jambo la mwisho kwenye ankara ni lile lisiloandikwa: dola 1,000 nilizowatumia benki tarehe 6 Februari kama malipo ya awali hazikupunguzwa popote.

Kwa hesabu yangu, kisichobishaniwa ni ada ya uwakala 250 na VAT yake 45, delivari oda 110 na usafiri 2,100, jumla dola 2,505. Nikitoa zile 1,000, nabakiwa na deni la dola 1,505, nalo nimeagiza benki iwalipe leo. Stakabadhi ya benki naiambatisha, pamoja na makadirio yenu ya tarehe 4 Februari, nakala ya hati ya getini na picha ya lakiri. Dola 1,406.70 zilizobaki nazizuia mpaka nipate risiti halisi za bandari na za kampuni ya meli zenye nambari ya kontena langu, si orodha iliyochapwa upya na ofisi yenu.

Naomba majibu ya maandishi kabla ya tarehe 23 Aprili. Kontena langu la pili linatarajiwa Mombasa mwezi Mei, na sitawakabidhi nyaraka zake kabla ya kupata makadirio yanayotaja kila gharama ya bandari kwa jina lake.

Wenu katika biashara,

Hajati Zaituni
Mmiliki, duka la vyerehani na vipuri, Kisenyi