Mada: KIS 312 – maswali matatu: data ya Gikomba, makataa na alama

Kwako Dkt. Mwende,

Hujambo, Daktari? Mimi ni Halima wa mwaka wa tatu, kundi la Jumanne asubuhi. Nilikujia wiki jana baada ya mhadhara wa Isimujamii, ukaniambia nikuandikie kwa kuwa darasa jingine lilikuwa limeshaanza kuingia. Nina maswali matatu. La kwanza ni refu kidogo, uniwie radhi.

Linahusu data. Maagizo yanataka mazungumzo yaliyorekodiwa ya wasemaji 6, pamoja na unukuzi wake. Nimeenda Gikomba mara tatu. Wauzaji wengi wa mitumba niliowaendea walikataa katakata kurekodiwa. Wakiona simu tu wanadhani nimetumwa na kanjo. Wawili walikubali, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Mmoja ni mama anayeuza blauzi. Simu ilipokuwa juu ya meza, alimwambia mteja, "Hizi ni nguo za daraja la kwanza," kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Nikaizima, nikaitia mfukoni mbele yake. Dakika tano hazikuisha, nikamsikia akimwambia mteja mwingine, "Hii ni kamera, siste. Fagia ziko kule chini." Kamera ni zile nguo bora zinazotolewa kwanza beli ikifunguliwa, na fagia ni mabaki. Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka sokoni, na hayamo katika rekodi hata moja niliyo nayo.

Nilikumbuka ulivyotueleza kwamba Labov, katika utafiti wake wa maduka 3 ya New York mwaka wa 1962, hakutumia kinasasauti. Aliuliza mahali pa bidhaa iliyokuwa ghorofa ya nne, akasikiliza jibu, kisha akasogea kando na kuandika jinsi sauti ya r ilivyotamkwa. Tofauti ni kwamba wale wauzaji hawakujua kuwa wanachunguzwa, nami nimejitambulisha kwa kila mmoja. Wanne kati ya waliokataa simu wameniruhusu niketi nao na kuandika kwenye daftari. Je, utakubali rekodi 2 zilizonukuliwa pamoja na maandishi ya daftari ya wasemaji hao 4? Najua daftari halinasi kiimbo wala halinipi mazungumzo neno kwa neno. Kwa hiyo, ukiruhusu, uchanganuzi wangu utabaki kwenye msamiati na kubadili msimbo. Sitadai lolote kuhusu matamshi. Nimeambatisha picha ya kurasa mbili uone ninavyoandika: saa, nani anamwambia nani, kisha maneno yenyewe.

Swali la pili ni la makataa. Karatasi uliyotugawia inasema Ijumaa, 14 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni. Kwenye potali tarehe iliyowekwa ni Jumapili, 16 Novemba, 23:59. Tufuate ipi? Siombi kuongezewa muda. Ila yule mama hufungua beli mpya Jumamosi asubuhi, na hapo ndipo maneno haya husikika kwa wingi. Ikiwa mwisho ni Ijumaa, basi Jumamosi hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho na nitajipanga hivyo. Wenzangu kadhaa pia wanashindwa kujua ipi ni ipi, kwa hiyo tangazo fupi darasani lingetusaidia sote.

La mwisho ni kuhusu usahihishaji. Kati ya alama 30 za kazi hii, 6 ni za usanifu wa lugha. Katika zoezi la kwanza, maneno "kanjo" na "mathree" niliyoyanukuu kutoka kinywani mwa kondakta yalizungushiwa wino mwekundu na nikapoteza alama 2 kwa makosa ya tahajia. Sina nia ya kuzidai alama hizo. Nataka tu kufahamu kama maneno ya wasemaji yatapimwa kwa kigezo hicho tena, au ni maelezo yangu mwenyewe tu yatakayopimwa. Kama ni suala la namna ya kuyaonyesha, niambie: niyaandike kwa mlazo, au niyatie katika alama za nukuu na maana pembeni? Kuyasanifisha naona vigumu. Nikimwandikia yule mama "daraja la kwanza" mahali aliposema "kamera", nitakuwa nimeifuta data yenyewe.

Nikipata jibu la swali la kwanza kabla ya Jumamosi nitashukuru sana, maana ndilo litakaloamua kama nibebe simu au daftari. Ukiona ni rahisi zaidi kuzungumza ana kwa ana, Alhamisi niko huru kuanzia saa nane mchana na ninaweza kuja ofisini.

Ahsante kwa muda wako, Daktari.

Wako mwanafunzi,
Halima
KIS 312, kundi la Jumanne asubuhi