Barua kwa Salim, kabla ya Jumatatu

Majengo, Mombasa
Alhamisi usiku

Salim wangu,

Assalam aleikum. Usishangae kukuta karatasi chini ya kikombe chako ilhali tumelala nyumba moja. Kila nikianza kwa mdomo unanijibu, "Wewe tu, uonavyo," kisha unachukua taulo unakwenda kuoga. Basi soma huko Liwatoni ukingoja boti zirudi. Kule huna bafu la kukimbilia.

Unajua wanataka jibu Jumatatu. Ofisi ya Embakasi, msimamizi wa dawati la forodha, mkataba wa miaka miwili, mshahara kutoka elfu 48 hadi elfu 85. Hayo nilikwambia. Nisilokwambia ni kwamba bosi aliponiita, nilifurahi mpaka nikajifungia chooni nikacheka peke yangu. Furaha ile nimekuficha siku nne. Sijawahi kukuficha kitu, hata zile pesa za kijungu ulizijua.

Si mshahara tu, Salim. Unakumbuka 2019, ilipotoka amri makontena yapande reli mpaka Embakasi yakatolewe huko? Tulikuwa wachumba bado. Wenye malori wakaandamana, na ofisini kwetu meza zikabaki tupu moja moja hadi ikafika zamu yangu. Miezi mitatu nilikaa nyumbani bila senti, na kodi ukanilipia wewe. Mpaka leo hujanikumbusha, nami sijasahau. Septemba 2022 amri ikafutwa, kazi ikarudi Kilindini, watu wakashangilia. Mimi sikushangilia sana. Niliona riziki yangu inavyohamishwa kwa kalamu ya mtu ambaye hanijui. Nataka niijue kazi hii huku bandarini na kule bara, kisha niombe leseni yangu mwenyewe ya uwakala. Wakihamisha tena, wanikute nimeshika ncha zote mbili.

Kukwambia uhame nami siwezi. Fundi injini za boti Nairobi atatengeneza nini, bwawa? Na ile Julai tuliyokwenda harusini ulilala na jaketi mbili na soksi. Halafu Mama kule Likoni. Kila Ijumaa unavuka feri na dawa zake, mimi namkanda miguu huku ananisimulia habari zile zile za bibi yake. Nikiondoka, nani atamkanda? Wewe mikono yako mizito, amesema mwenyewe.

Jana usiku nilikuangalia. Umenawa kwa sabuni na ndimu, lakini grisi bado imo kwenye ukucha wa kidole gumba. Ukawa unatoa miba ya changu, minofu unaisogeza upande wangu wa sahani, macho yako kwenye taarifa ya habari. Hata hukujua unafanya. Nikashindwa kumeza.

Nimepiga hesabu. Treni ni shilingi 1,500 kwenda, 1,500 kurudi, na Syokimau si mbali na Embakasi. Nikishuka mara mbili kwa mwezi ni elfu sita. Ya Nairobi ya saa tisa alasiri inafika Miritini usiku, sasa utanipokea au nitagombana na matatu? Chumba nitatafuta Pipeline, kidogo tu. La mtoto najua unalifikiri. Nami nalifikiri, nina miaka 31, na sina jibu zuri.

Majirani watasema mke kamkimbia mume. Waseme. Ndio hao hao waliosema fundi wa boti haoi, anachumbia tu.

Ninalokuomba ni moja. Usinipe ruhusa, na usiniambie "uonavyo." Niambie wewe unaonaje. Mimi nataka kwenda, nimeshaliandika, halifutiki. Lakini ukiniambia kwa kinywa chako kwamba miaka miwili huiwezi, nitabaki, na sitakulaumu. La, huo ni uongo. Nitakulaumu kidogo, nitanuna wiki mbili tatu, kisha tutaendelea. Na ukisema niende, usiseme kwa ushujaa halafu ukaanza kula vibandani na kuzima simu. Ukimya wako nikiwa chumba cha pili nauweza. Nikiwa Nairobi utaniua.

Jumapili baada ya alasiri twende Mama Ngina. Tununue mihogo, tukae ukutani pale meli zinapopita, na safari hii uongee wewe kwanza. Mimi nitatafuna.

Mbaazi zimo kwenye sufuria ndogo, mahamri yamefunikwa. Pasha moto polepole, na usiongeze chumvi kabla hujaonja.

Wako,
Mwanaisha