Kabla Hujaghairi

Laazizi,

Kila nikigusia safari unanijibu "tutaona", nami nimechoka kuona peke yangu. Basi chumba nimeshakilipia. Ijumaa ijayo alfajiri tunapanda basi la Kabale, mimi na wewe na begi moja. Ndiyo, moja. Nguo zako nitazikunja mwenyewe, na ile fulana ya kijani yenye tundu kwapani itabaki Ntinda kulinda nyumba.

Utauliza kwa nini twende mbali hivyo na Entebbe ipo. Entebbe tutakutana na nusu ya ofisi yenu, na shemeji zangu juu. Bunyonyi hakuna anayekujua. Halafu ziwa lile liko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku baridi yake haina mchezo. Mama wa mapokezi ameniambia blanketi la pili lipo tukilitaka. Nikamwambia alifungie kabatini. Alicheka mpaka nikaona haya, na unajua mimi haya huwa sinazo.

Tukifika Kayabwe, jiandae: busu nalianza tukiwa kaskazini mwa ikweta, nalimalizia kusini. Abiria wakitazama, watazame, nauli tumelipa. Lukaya wachuuzi wakivamia madirisha na mishikaki na gonja ya moto, chagua haraka, maana nitakula yangu kisha nirudi kwenye yako. Nakwambia mapema usije ukaninunia hadi Mbarara.

Kesho yake utanipeleka ziwani kwa mtumbwi wa gogo. Wenyeji wanaupiga kasia kama wanatembea sebuleni. Mgeni akishika, mtumbwi unazunguka palepale. Naahidi sitakucheka mbele ya watu. Chumbani sijaahidi kitu. Na Bunyonyi hakuna mamba wala viboko, kwa hiyo kisingizio chako cha kutoogelea kimeishia hapo. Kama huwezi, nishike shingoni. Ukinikaba kidogo sitalalamika.

Jioni nakuagizia kamba wa ziwani. Nitakumenyea mmoja mmoja na kukulisha kwa vidole vyangu hivi hivi unavyovisifia, ila kila kamba ana bei yake: neno moja tamu, masikioni, polepole. "Uko poa" halihesabiki. Ukiishiwa maneno kabla ya sahani kwisha, tutaelewana njia nyingine ya malipo.

Simu yako nitailaza chini ya mto wangu. Ukiitaka, njoo uitafute, na usiwe na haraka ya kuipata.

Nijibu leo kabla ya saa tatu usiku. Ukikaa kimya, nakuja kulichukua jibu mwenyewe huko kwako, na nikishafika sijui nani atanitoa.

Wako mwenye begi,
Kipusa

Tena: soksi nzito lete. Miguu yako ya barafu siijui bado, lakini nimeshaisikia kwa dada yako.