Muhtasari wa Sera: Mkaa, Misitu na Gharama ya Kujaza Mtungi

Kwa: Kamati ya Mawaziri wa Nishati, Misitu, Afya na Fedha
Kuhusu: Pendekezo la kupiga marufuku mkaa mijini

Tunachoshauri

Marufuku isipitishwe kwa sasa. Fedha zilizotengwa kwa doria na vizuizi vya barabarani zihamishiwe kwenye kazi ambayo haijafanywa ipasavyo: kumwezesha mwenye kipato cha kutwa kununua nishati safi kidogo kidogo, kama anavyonunua mkaa.

Msitu unapotelea wapi

Kuni na mkaa hutiwa kapu moja, na hapo ndipo sera nyingi huanza kwenda kombo. Kuni za vijijini kwa sehemu kubwa ni matawi makavu ya kuokota. Mzigo wake huwaelemea wanawake na watoto wa kike. Mkaa wa mijini hutaka miti migumu, mara nyingi mibichi, tena kwa wingi, na huifuata mbali kwa kuwa ni mwepesi kusafirisha.

Ni kweli kwamba mkaa sio chanzo kikuu cha kutoweka kwa misitu duniani. Mwaka 2021 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilikadiria kuwa karibu asilimia 90 hutokana na kupanua mashamba na malisho. Lakini kandokando ya miji inayoishi kwa mkaa, mara nyingi mchomaji ndiye anayetangulia. Huondoa miti bora, kisha jembe linafuata.

Hasara kubwa iko kwenye tanuri la udongo. Magogo hupangwa, hufunikwa majani na udongo, huwashwa na kuachwa yafuke moshi kwa siku kadhaa. Udongo ukipasuka usiku na mchomaji asiwahi kuziba ufa, hewa huingia na magogo huishia kuwa majivu. Kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Kilo ya mkaa ina nishati takriban mara mbili ya kilo ya kuni, kwa hiyo zaidi ya nusu ya nishati ya mti imeshapotea kabla jiko halijawashwa. Tanuri lenye bomba la moshi, kama lile la Casamance la Senegali, linaweza kufikia kilo 30 likiwa na mchomaji aliyefundishwa vizuri.

Gharama kwa afya

Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5. Mkaa hauna moshi mwingi kama kuni, na kwa sababu hiyo watu huuamini na kuuingiza ndani. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini.

Kwa nini marufuku pekee haifai

Chad ilipiga marufuku mkaa mwanzoni mwa 2009 bila mbadala wa kutosha. Huko N'Djamena watu walichoma samani zao na samadi ili wapike. Hatuoni sababu ya kuamini kwamba miji mingine ingefanya tofauti.

Kugawa mitungi ya gesi nako hakutoshi. India ilianzisha mpango wa Ujjwala mwaka 2016, na kufikia Septemba 2019 ilikuwa imeunganisha kaya milioni 80 na gesi. Ni kazi kubwa na ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, kaya nyingi maskini zilijaza mtungi mara chache kwa mwaka na kuendelea kukoka moto wa kuni. Anayelipwa jioni anaweza kununua mkaa wa kopo moja. Bei ya mtungi mzima hana, hata kama kwa mwezi gesi ingemgharimu kidogo zaidi au hata pungufu.

Hatua za kuchukua

Kwanza, gesi iuzwe kwa kiasi. Mita janja zinazofungwa kwenye mtungi humruhusu mtumiaji kulipia kwa simu kadiri anavyopika. Waziri wa Fedha aziondolee kodi ya ongezeko la thamani mita hizo pamoja na gesi yenyewe, na kanuni za usalama wa mitungi midogo zisimamiwe kwa ukali.

Pili, penye umeme wa uhakika, uwepo mkopo wa majiko ya presha ya umeme unaolipwa kupitia luku au bili. Jiko hili hutumia umeme kidogo kuliko wengi wanavyodhani, hasa kwa vyakula vya kuchemsha muda mrefu.

Tatu, wachomaji wasajiliwe katika vikundi, wapewe mafunzo ya tanuri bora na maeneo ya kuvuna kwa zamu ili visiki vichipue. Tukiwafukuza, watachoma usiku.

Vijijini, majiko banifu ya kuni yaje kwanza, na bayogesi kwa wenye mifugo na maji ya kutosha.

Mafanikio yapimwe kwa kilo za gesi na yuniti za umeme zinazotumika kwa kila kaya kila mwezi. Idadi ya majiko yaliyogawiwa isikubaliwe kuwa kipimo. Kamati ikiridhia, taarifa ya kwanza ya vipimo hivyo iwasilishwe baada ya miezi 6, na hoja ya marufuku irudishwe mezani pale tu itakapoonyesha kwamba kaya za kipato cha chini zinajaza tena.