Mpango wa Masoko wa Korosho ya Mikindani: Kazi ya Kozi kwa Biashara Changa, Oktoba 2025 hadi Septemba 2026

1. Biashara yenyewe

Ni kikundi cha wanawake watano wa Mikindani, mkoani Mtwara, mama yangu akiwa mmoja wao. Walianza kubangua na kukaanga korosho kwa ajili ya kuuza mwezi Machi 2025. Wana chumba kimoja cha kupanga, majiko mawili, vibanguzi vitatu vya mkono na mashine ndogo ya kuziba pakiti. Mimi nawawekea hesabu na kuwapelekea mzigo Mtwara mjini. Kila tarakimu ya bei na gharama katika kazi hii imetoka kwenye daftari la kikundi au ni makadirio tuliyokubaliana kikaoni.

Swali ambalo mpango huu unalijibu ni moja: katika mkoa ambao korosho ziko kila kona, kwa nini mtu anunue za kwetu?

2. Uchambuzi wa hali

*Malighafi.* Msimu wa korosho kusini huanza Oktoba na kwa kawaida huisha Januari au karibu na hapo. Tangu msimu wa 2007/2008 Mtwara inauza kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unaingia ghalani, kisha unapigwa mnada. Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Kwa mbanguaji mdogo hii ina maana kwamba bei ya malighafi haipangwi Mikindani, na anayekosa kununua msimuni atakaa miezi mingi bila kazi. Njia ya mkato ipo na kila mtu anaijua, nayo ni kangomba, yaani kununua ghafi kwa mkulima kimagendo, nje ya chama cha msingi. Kikundi kimeamua hakitaigusa. Ni kosa kisheria, na humwumiza mkulima ambaye mara nyingi ni shangazi au mjomba wa mmoja wetu. Tutanunua kupitia chama cha msingi, kwa risiti.

Kwa vipimo vyetu, kilo 5 za ghafi hutoa kilo 1 ya korosho zilizobanguliwa na kumenywa. Tumekadiria ghafi kwa shilingi 3,000 kwa kilo. Ukiongeza ujira wa kubangua, mkaa na chumvi, kilo moja iliyokaangwa inatugharimu shilingi 19,000.

*Washindani.* Wa kwanza ni akina mama wa stendi wanaouza kwa pakiti za nailoni zilizofungwa kwa moto wa mshumaa. Bei yao ni nzuri na wengi wana wateja wa miaka. Wa pili ni viwanda vinavyofungasha kwa ajili ya maduka makubwa ya Dar es Salaam. Hatuwezi kushindana na wa kwanza kwa bei wala na wa pili kwa wingi.

*Wateja.* Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii. Jumamosi tatu mfululizo nilikaa stendi kuu ya mabasi tangu alfajiri, kabla ya magari ya Dar kuondoka, nikiwatazama wanunuzi 32. Kabla ya kuuliza bei, 19 kati yao walibonyeza pakiti kwa vidole, wakaigeuza nyuma, kisha wakauliza: "Za lini hizi?" Muuzaji hujibu "za jana", na mnunuzi hana namna ya kuhakikisha. Baba mmoja alirudisha pakiti nne, akaniambia kwamba mara ya mwisho aliwapelekea wakwe zake korosho zilizolegea na bado anaona aibu.

*Jaribio la pakiti.* Baada ya hapo tulikaanga kilo mbili kwa siku moja, tukafungasha nusu kwenye nailoni ya kawaida na nusu kwenye pakiti yenye foili ndani, tukaziweka zote kwenye rafu moja ya duka la jirani lililoko karibu na bahari. Mikindani hewa ni ya chumvi na unyevu, hata kiberiti hugoma kuwaka. Wiki ya tatu za nailoni zilikuwa zimelegea. Wiki ya nane zilinuka kama mafuta yaliyokaa muda mrefu kwenye karai. Za foili, mama alizivunja kwa meno mbele ya wenzake wote, zikalia "ka!". Pakiti ya foili inatuzidishia shilingi 350 kwa gramu 200, na hakuna aliyebisha tena.

*Nguvu na udhaifu.* Nguvu yetu ni mikono: wanakikundi wote wamebangua tangu utotoni, na korosho nzima, zisizovunjika, ni nyingi kwenye mzigo wetu. Udhaifu ni mtaji. Fursa ni wasafiri na wageni wa kikazi wanaoingia mjini. Tishio kubwa ni bei ya mnada, nalo nimelirudia kwenye udhibiti.

3. Soko lengwa na nafasi yetu

Tumechagua makundi mawili tu. La kwanza ni msafiri anayetoka Mtwara au Lindi kwenda Dar es Salaam na anayetaka zawadi. Huyu hali korosho yeye mwenyewe. Anaogopa kuaibika mbele ya atakayempa. La pili ni mfanyakazi wa ofisini mjini anayetaka kitu cha kutafuna na chai ya saa nne.

Watalii wa Mikindani tumewaacha kwa sasa. Ni wachache na hawana majira ya kutegemea.

Ahadi yetu kwa mteja ni tarehe. Mbele ya pakiti, kwa herufi kubwa kuliko jina, patasomeka: "Imekaangwa tarehe", na siku itagongwa muhuri. Korosho za Mtwara zina wauzaji wengi, ila anayejibu swali la "za lini hizi?" kabla hajaulizwa hatujamwona stendi.

4. Malengo ya miezi 12

Kuuza kilo 600: pakiti 1,800 za gramu 200 na vipakiti 4,800 vya gramu 50. Mauzo yawe shilingi 19,200,000. Kufikia Machi 2026 alama ya ubora ya TBS iwe imepatikana, na kufikia Julai 2026 tuwe kwenye maduka 15 ya Mtwara mjini, Masasi na Lindi. Pakiti zinazorudishwa zisizidi 2 kwa kila 100.

5. Mchanganyiko wa masoko

*Bidhaa.* Ladha ni mbili, ya chumvi na isiyo na chumvi. Wenzangu walipendekeza pilipili na asali. Nimewaomba zisubiri, kwa sababu kila ladha mpya ni stoo mpya na tarehe mpya ya kusimamia. Vipande vilivyovunjika havitachanganywa na nzima. Vitauzwa kwa kupima kwa wapishi, hasa Ramadhani, na mapato yake sikuyaweka kwenye hesabu za hapa.

*Bei.* Pakiti ya gramu 200 inatugharimu 4,400. Tutaiuza 7,000 kwa mteja wa mkononi na 5,800 kwa duka. Kipakiti cha gramu 50 kinagharimu 1,200, duka litachukua kwa 1,600 na kuuza 2,000. Mama wa stendi anauza chini ya hapo, nasi hatutamfuata. Tukishusha bei tutarudi kwenye nailoni.

*Usambazaji.* Maduka karibu na stendi na yale ya mjini yatapewa mzigo wa kwanza kwa mali kauli ya wiki mbili. Baada ya hapo ni fedha taslimu au lipa namba. Najua wenye maduka hawatafurahi, lakini mtaji wetu ukilala kwenye rafu za watu 15 hatutaweza kununua ghafi. Badala yake tunawapa kitu kingine: pakiti isiyouzwa ndani ya siku 60 tangu ikaangwe tunaibadilisha bure.

*Utangazaji.* Fedha kubwa itaenda kwenye kuonjesha. Msafiri akionja moja ikalia mdomoni, maneno yanayobaki ni machache. Asubuhi za Ijumaa na Jumamosi mwanakikundi mmoja atasimama karibu na stendi na sahani. Kwa wateja wa ofisini tutatumia orodha ya WhatsApp: kila Jumatatu picha ya sinia lililotoka jikoni siku hiyo, pamoja na tarehe. Redio tumeiacha mwaka huu. Tangazo litawafikia watu wengi ambao hawako stendi na hawasafiri wiki hiyo.

6. Ratiba

Oktoba na Novemba ni kununua ghafi, kukamilisha lebo na kupeleka maombi TBS kwa barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Desemba na Januari watu wanasafiri, hivyo kuonjesha kutafanyika kwa nguvu. Februari na Machi 2026 ni Ramadhani: kuonjesha mchana kunasimama, tunauza vipande vya kupikia na zawadi za Idi. Aprili hadi Julai tunafungua maduka ya Masasi na Lindi. Agosti ni Nane Nane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Septemba ni tathmini.

7. Bajeti ya masoko

Tumetenga asilimia 10 ya mauzo yanayotarajiwa.

| Kazi | Shilingi |
|---|---|
| Kuonjesha: kilo 20 kwa 19,000 | 380,000 |
| Usanifu wa lebo na mihuri ya tarehe | 350,000 |
| Stendi 6 za kuonyeshea madukani, 45,000 kila moja | 270,000 |
| Nane Nane: usafiri, meza na malazi ya watu wawili | 420,000 |
| Bando na picha, 10,000 kwa mwezi | 120,000 |
| Safari za usambazaji, 20,000 kwa mwezi | 240,000 |
| Kubadilisha pakiti zilizopitwa na siku | 80,000 |
| Akiba | 60,000 |
| Jumla | 1,920,000 |

Gharama za uzalishaji ni 13,680,000, hivyo faida ghafi ni 5,520,000 endapo nusu ya pakiti kubwa zitauzwa mkononi. Ukitoa bajeti hii zinabaki 3,600,000 za pango, ada na mgao wa wanakikundi. Vipakiti vidogo peke yake vinaleta 1,920,000 ya faida ghafi, sawasawa na bajeti yote ya masoko. Ndiyo maana sikukubali viondolewe, ingawa kuvifungasha kunachosha.

8. Udhibiti

Kila Jumapili jioni daftari linasomwa mbele ya wote: pakiti zilizotoka kwa tarehe ya kukaangwa, zilizouzwa, zilizorudi. Pakiti zikirudi zaidi ya 2 kwa 100 kwa wiki mbili, tunasimamisha kukaanga na kukagua mashine ya kuziba kwanza. Duka ambalo halijauza pakiti 10 ndani ya mwezi linaondolewa, na stendi yake ya kuonyeshea inahamishwa.

Bei ya ghafi ina mstari wake. Kila shilingi 100 inayoongezeka kwa kilo inatupunguzia 300,000 kwa mwaka. Ikifika 3,600, salio la 3,600,000 linabaki 1,800,000, na hapo tunapandisha pakiti kubwa hadi 7,500 na kufuta safari ya Nane Nane. Ikifika 4,000 linabaki 600,000. Tutanunua nusu ya mzigo tu na kuwauzia wasafiri peke yao.

Ghafi ya kilo 3,000 inahitaji shilingi 9,000,000 ndani ya miezi michache. Michango ya wanakikundi inatosha kilo 1,500. Nusu iliyobaki inategemea mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwenye fungu la wanawake. Mkopo ukichelewa kupita tarehe 15 Desemba, malengo ya kifungu cha 4 yanakatwa nusu siku hiyo hiyo, bajeti inashuka hadi 960,000, na kinachokatwa mwisho kabisa ni pakiti ya foili na muhuri wa tarehe. Mweka hazina ndiye atakayetangaza uamuzi huo kikaoni, na mimi nitaandika hesabu mpya kwenye ukurasa unaofuata wa daftari.