Mada: Naomba ufafanuzi kidogo wa asainmenti ya vijiji vya ujamaa kabla sijaanza

Shikamoo Dokta,

Pole na kazi. Mimi ni Neema, mwaka wa pili, niko kwenye kozi yako ya Historia ya Tanzania baada ya Uhuru, kipindi cha Jumanne asubuhi. Samahani kwa kukusumbua, nilitaka kukuuliza palepale baada ya kipindi ila nikaona unawahi kikao.

Swali linasema "Jadili mchango wa vijiji vya ujamaa kwa maendeleo ya Tanzania, kurasa 5 hadi 8, tumia vyanzo vya kutosha", basi limeishia hapo. Tumelisoma na wenzangu tukakuta kila mtu kaelewa lake.

Kinachonitatiza zaidi ni kipindi cha kuangalia. Nikianzia Azimio la Arusha 1967 naongelea miaka ambayo serikali ilikuwa inahimiza watu wahamie kwa hiari yao, lakini nikiingiza na Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 hapo ni amri, watu wanapakiwa kwenye malori, na hoja yangu nzima inageuka. Na hata huo mstari haujanyooka maana Dodoma operesheni ilianza mapema zaidi. Sasa Dokta tuvilinganishe vipindi vyote viwili au mtu anaruhusiwa kuchagua kimoja akichimbe?

Halafu hayo "maendeleo", tupime kwa uzalishaji au kwa huduma? Nauliza kwa sababu ukihesabu shule na zahanati unapata jibu moja, ukigeukia upungufu wa chakula wa 1974 na 1975 unapata lingine, tena hapo ukame nao ulikuwepo kwa hiyo siyo rahisi kuvitupia vijiji lawama zote.

Mimi nilikuwa nafikiria nichukue Dodoma peke yake, nilinganishe huduma na kilimo kabla na baada ya watu kuhamishwa. Bibi yangu yuko huko na alihamishwa, ningependa kumhoji, ila sijui kama mahojiano yanahesabika kwenye "vyanzo vya kutosha" au unataka vitabu na majarida tu. Kama wazo lenyewe liko nje ya swali naomba uniambie mapema nibadilishe kabla sijasafiri.

La mwisho dogo tu, kwenye mfumo deadlaini inasoma Ijumaa tarehe 20 ila karatasi uliyogawa imeandikwa Jumatatu tarehe 23, tufuate ipi?

Najua una mengi Dokta, hata ukijibu kwa mistari miwili inatosha. Na kama ni rahisi zaidi kuongea naweza kuja ofisini Alhamisi mchana, sina kipindi. Ukiniruhusu nitaweka majibu yako kwenye grupu letu la wasapu, maana wenzangu nao wamekwama hapohapo.

Asante sana Dokta.

Neema
Mwaka wa pili, Historia